Naomba ushauri: thamani ya mwisho inayumba mno

Wakuu, nathamini kiwanda cha saruji. Baada ya makadirio ya miaka 5, nimechukua ukuaji wa 5% milele. Fedha huru za mwaka wa 5 ni shilingi bilioni 10, kwa hiyo thamani ya mwisho ni 10 × 1.05 / (r − 0.05), r ikiwa kiwango cha kupunguzia fedha za baadaye kwa thamani ya leo. Kwa r ya 14% napata bilioni 116.7, kwa 12% inaruka hadi 150. Nikizileta kwa thamani ya leo ni 60.6 dhidi ya 85.1, yaani 40% zaidi kwa pointi 2 tu!

Nimeshusha r kwa sababu mfumuko wa bei umepungua. Je, si lazima nishushe na ule ukuaji wa 5%, maana nao umebeba mfumuko huohuo? Mnaupangaje?