Tupeane uzoefu: usaili wa kujirekodi video, ni wewe na saa tu

Binti Mzee
Rafiki yangu kaletewa linki ya usaili leo. Nimemwona anavyohangaika, yangu yote yakanirudia. Nasema ule usaili usio na msaili. Swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde 30 za kulisoma na kujipanga, kisha kurekodi kunaanza kwenyewe, uwe tayari usiwe tayari. Una dakika 2 na unaziona zinavyopungua. Mimi kilichonimaliza ni ule ukimya. Msaili akiwa mbele yako utamwona anaitikia kwa kichwa au anaandika kitu, unajua umeeleweka. Hapa unautazama uso wako mwenyewe. Nilieleza kazi niliyowahi kuisimamia, nikamaliza, muda ukawa bado upo mwingi. Nikarudia yaleyale kwa maneno mengine mpaka mtambo ukanikata katikati ya sentensi. Waliopitia haya waje.

Kaka Subira
Umenikumbusha mbali. Ukimya ule una uzito, acha kabisa.

Mwendo Kasi
Dada, ulifanya sawa kuendelea kuongea. Wakikupa dakika 2 jaza dakika 2. Ukimaliza mapema wanaona huna cha kusema, wanakukata alama.

Dada wa Ajira
Hapana, Mwendo Kasi. Mimi kazi yangu ni kuzitazama hizo video. Dakika 2 ni kikomo, hakuna anayepima kama umekijaza. Kuna kitufe cha kusimamisha: ukimaliza kwa sekunde 70, kibonyeze uende swali linalofuata. Mbele yangu nina wasifu wako, video, na fomu ya alama kwa kila swali. Swali likiwa "eleza ulivyomaliza mgogoro kazini", natafuta mgogoro wenyewe, ulichofanya wewe, na ulivyoisha. Mtu anayejaza muda huwa anatumia dakika nzima ya kwanza kueleza idara yao ilivyokuwa, na anakatwa kabla ya kusema alifanya nini. Hapo sina cha kupigia alama hata kama najua alikuwa na jibu zuri.

Mwendo Kasi
Hiyo ni ofisini kwenu. Mimi nilijaza na nikaitwa.

Dada wa Ajira
Uliitwa kwa ulichosema, ndugu yangu.

Asiyelala
Mimi nilichelewa kuingia, waliponipokea walikuwa wameshaanza kuulizana mambo yao. Niliomba radhi, wakanielewa.

Kaka Subira
Asiyelala, huo wako ulikuwa wa ana kwa ana mtandaoni. Huu hauna wa kukupokea.

Asiyelala
Ah, sawa. Basi kwa nini mna haraka? Si unafungua linki siku unayotaka?

Zawadi ya Pwani
Unafungua utakapo, ila linki ina siku ya kufa. Yangu ilikuwa inafungwa saa za nchi ya mwajiri, huku kwangu ilikuwa bado mapema. Angalia ni saa za wapi.

Mwanahawa K.
Naona mnabishana kuhusu muda. Ngoja niwaambie langu, maana sijawahi kulisimulia.

Nilijiandaa vizuri. Kompyuta juu ya vitabu ili kamera iwe usawa wa macho, dirisha mbele yangu ili mwanga uniangukie usoni, mlango nimefunga. Swali la majaribio nililifanya, nikajisikiliza, sauti safi. Maswali mawili ya kwanza yakaenda vizuri. La tatu naongea, jicho likaangukia ule mstari wa kijani unaocheza ukitoa sauti. Umelala. Nikapaza sauti, umelala vilevile. Nikanyamaza kushangaa, na hapo hapo ukaanza kurukaruka! Mimi kimya, mstari unacheza. Nywele zilinisimama.

Baadaye ndipo nikaelewa. Mdogo wangu chumba cha pili alikuwa amewasha hedifoni zangu zisizo na waya. Zilikuwa zimeshazoeana na kompyuta yangu, zikajiunga zenyewe, na kompyuta ikahamishia maikrofoni huko. Kwa hiyo jibu langu la swali la tatu ni uso wangu unaozungumza kwa hisia zote na sauti ya mdogo wangu anamweleza mwenzake habari za mpira. Na mfumo wao haukuruhusu kurudia.

Kaka Subira
Subhanallah! Ukafanyaje?

Binti Mzee
Usituache hapo Mwanahawa, tafadhali.

Mwanahawa K.
Nilizima hedifoni, nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikachagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, nikamalizia yaliyobaki. Dakika hiyohiyo nikaandika barua pepe kwa aliyenitumia linki: swali la tatu halina sauti yangu, chanzo ni hiki, naomba nafasi ya kulijibu tena. Alijibu kesho yake kwamba hawezi kufungua swali moja pekee, akanifungulia usaili wote upya.

Fundi Redio
Ndiyo maana nasema tumieni simu. Simu haina mambo hayo.

Zawadi ya Pwani
Simu ndiyo mbaya zaidi! Ikiingia simu katikati ya jibu, maikrofoni inachukuliwa na rekodi inakatika. Mimi yamenikuta.

Fundi Redio
Weka hali ya ndegeni kisha washa Wi-Fi. Bado nasema simu, kamera yake ni nzuri kuliko ya kompyuta nyingi.

Dada wa Ajira
Kamera nzuri hainisaidii, sauti ndiyo inanisaidia. Chochote utakachotumia, funga programu nyingine zinazoshika kamera, na ukimaliza swali la mwisho usifunge ukurasa haraka. Video bado zinapanda. Intaneti ikiwa nzito zitachukua muda, subiri mpaka uone maneno kwamba zimetumwa. Kuna watu wanafunga, sisi tunaona majibu matatu kati ya matano tunadhani wamekata tamaa.

Mwendo Kasi
Mnasahau kitu kikubwa: hakuna mtu anayetazama. Kompyuta inasoma uso wako, usipotabasamu umekwisha.

Dada wa Ajira
Kwetu tunatazama wenyewe, watu wawili kwa kila video. HireVue, ambao ni wakubwa katika mifumo hii, walitangaza Januari 2021 kwamba wameacha kuchambua nyuso. Maneno yako bado yanaweza kupitiwa na programu kwa baadhi ya waajiri, kwa hiyo ukitaka kujua, uliza. Ila usitabasamu muda wote kwa hofu, inaonekana.

Mtulivu
Mimi nina kigugumizi. Ile saa inayopungua inanifanya neno la kwanza ligome kabisa, na sekunde 90 zinaweza kuishia hapo. Kwa linki ya mwisho niliandika kabla sijaifungua, nikaeleza hali yangu na kuomba muda wa kujibu uongezwe. Waliongeza, na wakaniwekea muda mrefu wa kujiandaa pia. Kazi sikupata, lakini nilisema yote niliyotaka kusema.

Dada wa Ajira
Umefanya vizuri kuandika kabla, Mtulivu. Mifumo mingi ina nafasi ya kubadilisha muda kwa mwombaji mmoja, ila ukishaanza inakuwa vigumu.

Asiyelala
Mimi nisingekubali. Kampuni isiyoweza kunipa hata mtu mmoja wa kunisikiliza itanithamini nikishaingia?

Kaka Subira
Na mwenye njaa ya kazi afanyeje?

Zawadi ya Pwani
Wote mna haki. Binti Mzee, mwambie rafiki yako asome maelezo ya kurudia kwanza. Mfumo mmoja ulinipa nafasi ya kurudia, nikajua nitachagua jibu zuri, kumbe la pili linafuta la kwanza.

Binti Mzee
Hilo sikulijua. Namwambia sasa hivi, linki yake inafungwa kesho.