Ramani ya ukutani: Uhispania au Hispania? Uswizi au Uswisi?

Mwalimu wa Maweni (Malindi)

Salamu kwa wote. Shuleni kwetu tunachora ramani ya dunia kwenye ukuta wa darasa. Fundi ameshamaliza bahari na mipaka, sasa anangoja majina. Kitabu cha wanafunzi kinasema Uhispania, Uswizi na Uchina. Atlasi tuliyoletewa kutoka Dar es Salaam inasema Hispania, Uswisi na China. Mwenzangu mmoja anataka tumalize ubishi kwa kuandika kila nchi kama wenyewe wanavyoiandika.

Kwa hiyo njia ni tatu: tufuate kitabu, tufuate atlasi, au tufuate wenye nchi. Naomba mnilinganishie. Na mkiweza, nielezeni kwa nini jina moja lina sura mbili. Watoto watauliza, na "ndivyo ilivyo" haiwatoshi.

Mdau wa Shela

Mwalimu, hapo hakuna ubishi. Kiswahili kina U ya nchi. Uganda, Ugiriki, Uturuki, Ureno. Kwa hiyo andika Uhispania, Uchina, Uitalia, Ujapani, ukuta mzima uwe na sura moja. Wanaoacha U ni uvivu tu wa wenzetu wa ng'ambo ya mpaka.

Kijana wa Mtangani

Uswizi msijisumbue nayo, viza yake ina mlolongo mrefu. Binamu yangu alizungushwa mpaka akakata tamaa. Jaribuni Uturuki.

Mwalimu wa Maweni

Ahsante kijana, ila sisi tunakwenda ukutani tu, si uwanja wa ndege.

Mhariri Mstaafu (Mkomani, Lamu)

Mdau wa Shela ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri, kwa hiyo nianze nayo. Uganda kwa kweli ni kazi ya Kiswahili. Wenyewe husema Buganda. Misafara ya pwani ikaweka U yake kama ilivyoweka katika Unyamwezi na Ugogo, na jina hilo ndilo likabaki kwa nchi nzima. Lakini kama U ingekuwa sheria ya kila nchi, tungesema Umisri na Umaskati. Hakuna aliyesema hivyo tangu enzi za mababu, na Misri na Maskati tumezijua kabla ya nchi nyingi za Ulaya.

Mimi huuliza hivi: jina lilitufikia likiwa jina la watu, au likiwa jina la mahali? Wareno tuliwaona wenyewe kwanza, mwaka 1498 hapo hapo Malindi, na nguzo yao bado imesimama. Tukawa na Mreno, Wareno, na nchi yao ikazaliwa kutokana na hao watu: Ureno. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waturuki, Wafaransa na Waingereza. Misri ilikuja kama mahali, mtu anatoka Misri, basi ikabaki Misri na mtu wake akawa Mmisri. Kanada, Australia na Meksiko zimetujia kupitia ramani na magazeti, hatukuwa na watu wake bandarini, kwa hiyo U haikupata pa kushika.

Si kanuni isiyovunjika. Uswidi haikuja na majahazi, na bado ina U, kwa sababu waandishi walishazoea kuwa nchi ya Ulaya inapendeza hivyo. Ila ukiishika hiyo, majina mengi yataacha kukusumbua.

Bi Zena wa Langoni

Shikamoo mhariri. Mimi nina langu. Nilikuwa namjazia binti yangu fomu ya masomo kwenye mtandao, lugha nimeweka Kiswahili. Nikatafuta Hispania kwenye H, haipo. Nikashuka, nikapanda, nikadhani nchi yenyewe hawaipokei. Kumbe imekaa kwenye U, pamoja na Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na ukoo wao wote. Italia nayo ipo kwenye I peke yake. Sasa mwalimu, ukiandika orodha ya majina kando ya ramani, watoto watapekua kwa herufi gani?

Mhariri Mstaafu

Marahaba Bi Zena. Hilo ndilo tatizo la kweli la U, na wapangaji wa faharasa wanalijua. Nusu ya Ulaya inajazana kwenye herufi moja.

Tuichukue hiyo Hispania, maana ndiyo inayoonyesha vizuri. Ina sura tatu, si mbili. Fungua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Warumi sura ya 15: Paulo anasema atapitia kwenda Spania. Hiyo imefuata Kigiriki cha waraka wenyewe, ambacho hakina H. Hispania ni jina la Warumi, la Kilatini. Na Uhispania ni hiyo hiyo ya Kilatini, iliyozungushwa kwa mlango wa watu: Mhispania, Wahispania, Kihispania, kwa hiyo Uhispania.

Angalieni jambo moja. Mtu na lugha hatugombani. Nairobi na Dar es Salaam wote wanaandika Mhispania na Kihispania. Ugomvi uko kwenye nchi tu. Dar es Salaam wameliona jina linaishia na -ia kama Italia, Australia na Somalia, wakaliacha lilivyo. Nairobi wakatazama mtu wake, wakampa nchi kama Mreno alivyopewa Ureno. Kila upande una hoja ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa hiyo neno "uvivu" tuliweke kando.

Mdau wa Shela

Nimelichukua, uvivu nimeufuta. Lakini kwa nini pasiwe na mtu wa kukata shauri? Kamati si ilikuwepo?

Mhariri Mstaafu

Ilikuwepo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, jambo ambalo huku Lamu na Mombasa bado linawauma watu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Baada ya uhuru kila nchi ikashika njia yake. Tanzania iliunda baraza lake la Kiswahili, BAKITA, mwaka 1967. Kenya ilikaa miaka mingi bila baraza la namna hiyo, kwa hiyo neno lililoamuliwa na mchapishaji wa vitabu vya shule au chumba cha habari ndilo lililoshika. Ndiyo maana utakuta gazeti moja la Nairobi likiandika Uchina ukurasa wa mbele na China kwenye michezo.

Nahodha Mstaafu

Na Uswizi je? Mimi nimebeba wageni wao kwenye dau miaka mingi, nawaita Waswisi, wanaitika.

Mhariri Mstaafu

S inafuata matamshi ya Kiingereza ya jina la mtu wa huko, ambayo yanaishia na s safi. Z nadhani imeingia kwa jicho, maana jina la nchi kwa Kiingereza, na hata kwa Kijerumani, lina z ndani yake. Halafu Uholanzi na Uingereza zikaipa nguvu, sikio likaona -zi na -za ndizo sauti za Ulaya. Ningekuwa mimi ningeandika Uswisi. Tena fikiria darasa la watoto mara tu watakapokutana na Mswizi. Hamtafika mbali kabla mtu hajaita "mwizi".

Bi Zena wa Langoni

Hiyo z ya Uingereza imetoka wapi basi? Marehemu babu alikuwa akisema ni ya Kiarabu.

Mhariri Mstaafu

Waarabu husema Ingilizi, kwa hiyo babu alikuwa na hoja. Ila Wareno nao jina lao la Mwingereza linaishia na s, na r ya kwetu inanitia shaka, maana Waarabu na Wareno wote wana l. Wahindi ndio wenye r, husema Angrezi. Kwa bandari iliyopokea majahazi ya Gujarati kila msimu, mimi simwondoi Mhindi kwenye kesi.

Nahodha Mstaafu

Kiswahili hubadilisha l na r bila kumwomba Mhindi ruhusa, mhariri.

Mhariri Mstaafu

Kweli, nahodha. Kesi ibaki wazi.

Fundi wa Boti Kipungani

Wazee wetu walikuwa na Mdachi, si Mjerumani. Witu, hapa karibu na Lamu, ilikuwa chini ya Wadachi kabla Mwingereza hajaichukua. Mbona Udachi haimo kwenye ramani yoyote?

Mhariri Mstaafu

Ahsante kwa kuileta. Witu ilikuwa chini ya himaya yao tangu 1885 hadi 1890. Wadachi ni jinsi wao wenyewe wanavyojiita, likipita mdomoni mwa Mswahili. Jina lilitoka kwa mwenye nchi. Baada ya vita vya kwanza utawala, shule na vitabu vikawa vya Mwingereza, na jina alilokuwa akilitumia yeye, lenye sauti ya j mbele, likakaa: Ujerumani. Hapo mwalimu mpelekee mwenzako anayetaka tuandike kama wenyewe. Tulikuwa nalo la wenyewe, likatuponyoka, na leo ukiandika Udachi mtoto hataelewa ni wapi.

Mdau wa Shela

Na huku Malindi mmesahau Mtaliano! Kitabu kinasema Mwitalia, lakini sijasikia mtu wa ufukweni akilitamka.

Mwalimu wa Maweni

Kweli. Tangu Wataliano walipokuja na kituo chao cha roketi pale Ngomeni miaka ya 1960, watu wa hapa walilisikia jina midomoni mwao wenyewe, "italiano", wakaangusha i ya mbele wakaweka M. Mwitalia ni wa vitabuni: m ikikutana na irabu huwa mw, kama Mwingereza. Cha ajabu mtu tunamwita Mtaliano lakini nchi hakuna anayeiita Utaliano, wote tunasema Italia. Hapo kanuni ya mhariri imegonga mwamba.

Mhariri Mstaafu

Imegonga, sikatai. Labda kwa kuwa Italia ilikuwa shuleni kabla Mtaliano hajafika Ngomeni.

Mwalimu wa Maweni

Basi nimeamua. Watoto wanafanya mtihani wa Kenya, kwa hiyo ukutani tutafuata kitabu chao: Uhispania, Uchina, na Uswizi ingawa mhariri hatafurahi. Chini ya ramani kutakuwa na ubao mdogo wa sura za pili: Hispania, China, Uswisi, na Udachi kwa ajili ya Witu. Orodha ya pembeni tutaipanga kwa mabara, si kwa herufi, ili Bi Zena asipotee tena. Marekani itaandikwa kwenye nchi na Amerika kwenye bara, hapo angalau tofauti ya tahajia inatufanyia kazi.

Kilichobaki ni nafasi. Uswizi yenyewe ukutani ni ndogo kama ukucha, na fundi anasema hata herufi sita haziingii. Ataliandika jina pembeni na kuvuta mstari.

Mdau wa Shela

Sita ni zile zile hata ukiweka s, mhariri asijipe matumaini. Mimi ningetia U kwenye Japani pia.