Amplifaya imepiga "paa!", taa nyekundu ya PROTECT haizimiki. Naanzia wapi?

Mzigo_Mzito: Wakuu, naombeni msaada. Amplifaya ya chaneli mbili, ya transista (si ya kidijitali), inatumika kwenye ukumbi wa sherehe. Muziki ukiwa juu, spika za kushoto zikapiga mlio mkubwa mara moja, kisha kimya pande zote. Ukiwasha, feni inazunguka, taa nyekundu inakaa, rilei haigongi "tak". Fyuzi ya nyuma ni nzima. Kila upande una spika tatu za ohm 8. Nimejaribu kuzima na kuwasha tena, hamna kitu.

Dj_Pwani: Rilei hiyo imekufa. Ziunge nguzo zake kwa waya, utapata sauti sasa hivi.

Kiraka: Mkuu Dj_Pwani, hapana. Ni kweli rilei huharibika, lakini ingekuwa rilei pekee, taa nyekundu ingezimika na wewe ungekosa sauti tu. Taa ikibaki ina maana saketi ya ulinzi imeona hatari, na mara nyingi ni umeme wa DC kwenye njia ya spika. Koili ya spika ya ohm 8 ukiipima kwa mita husoma kama 6. Ukiipelekea volti 58 za DC inavuta karibu ampea 10, yaani zaidi ya wati 500 za joto tupu. Itatoa moshi kabla hujafika kwenye swichi.

Mzigo_Mzito, chomoa waya zote za spika kwanza, uwashe. Taa ikizimika, shida iko kwenye waya au spika. Ikibaki, fungua kifuniko.

Mama_Subwoofer: Na mimi subwoofer yangu ya bluetooth ina taa nyekundu, ila nikibonyeza rimoti inageuka bluu. Si ndiyo hiyohiyo?

Kiraka: Hapana dada, hiyo ya kwako ni taa ya kusubiri. Iko salama.

Mzigo_Mzito: Nimechomoa spika zote, taa bado. Nimefungua. Kwenye bodi ya kushoto kuna fyuzi mbili, ya upande wa hasi imekatika. Kabla ya rilei, kulia napata milivolti 12, kushoto volti +58. Transista ni 2SC5200 mbili na 2SA1943 mbili kila upande.

Kiraka: Umepima vizuri, na vipimo vyako vinaongea. Njia ya spika imekaa kwenye volti chanya, kwa hiyo 2SC5200 mojawapo ya kushoto imepiga shoti kati ya kolekta na emita. Zile 2SA1943 zilijitahidi kuvuta upande wa pili, fyuzi ya hasi ikakatika. Upande wa kulia ni mzima, ila saketi ya ulinzi ni moja kwa pande zote, ndiyo maana nao uko kimya.

Sasa chomoa umeme. Kapasita kubwa zina chaji: zimwage kwa rezista ya ohm 100, wati 10, kila upande kwenda kwenye grandi, mpaka mita isome chini ya volti 2. Usitumie bisibisi, itatoa cheche na kuharibu nguzo.

Pima mguu wa kati na wa kulia wa kila 2SC5200. Zikiwa kwenye bodi zote mbili zitasoma karibu sifuri, kwa sababu zimeungwa sambamba kupitia rezista za ohm 0.22. Usizihukumu hapo, ng'oa kila moja uipime nje. Nzima haisomi kitu kati ya miguu hiyo, hata ukigeuza waya za mita.

Mzigo_Mzito: Moja inasoma ohm 0.2, nyingine haisomi kitu. Rezista ya 0.22 ya ile mbovu imebadilika rangi. Nibadilishe hiyo moja tu?

Kiraka: Badilisha zote nne za kushoto pamoja na hiyo rezista na ile fyuzi iliyokatika. Zilizobaki zimebeba mzigo usio wao, na mpya ikikaa na kuukuu hazigawani mkondo sawasawa. Pima pia transista ndogo zinazozisukuma na rezista za kwenye besi. Ukiziruka hizo, mpya zitaungua mara ya kwanza tu ukiwasha. Rudisha maika na krimu ya joto, maana mgongo wa transista ni kolekta, ukigusa bati la kupoozea umerudi kwenye shoti.

Kabla ya kuwasha, weka balbu ya uzi ya wati 100 kwenye waya mmoja wa umeme, bila spika. Ikiwaka kisha ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, bado kuna shoti. Ikififia, pima kabla ya rilei: chini ya milivolti 50 ndipo urudishe spika.

Soketi_Tatu: Naongezea: 2SC5200 za bandia zimejaa sokoni, ndani kipande ni kidogo, hazihimili mzigo. Ila chanzo mimi naona ni jenereta, umeme wake unapanda na kushuka.

Kiraka: Jenereta sikatai. Ila spika tatu za ohm 8 sambamba ni kama ohm 2.7. Mzigo_Mzito, nyuma ya amplifaya imeandikwa kiwango cha chini ohm ngapi?

Mzigo_Mzito: Imeandikwa 4. Na siku hiyo tulikuwa kwenye jenereta.

Soketi_Tatu: Basi yote mawili yanawezekana. Punguza spika ziwe mbili kila upande, na volti za jenereta zipime muziki ukiwa juu.