Wakuu huyu binti kila nikimwalika anasema "labda", ananikataa au ananitaka kimyakimya? Naomba ushauri

KijanaWaSegerea
Habari zenu wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho. Mimi nina miaka 31, nafanya kazi kiwandani kwa shifti, naishi Tabata Segerea. Kuna binti anauza famasi karibu na kituo ninachoshukia daladala, tumezoeana toka mwaka jana mwezi wa 11, tunacheka, namba yake ninayo na yangu anayo. Sasa tatizo ni moja, kila nikimwalika mahali jibu ni "labda". Sio ndiyo sio hapana, labda. Juzi nimemwambia twende Koko Bichi Jumapili tukale mihogo, alikuwa anamkatia mteja vidonge kwa mkasi, hata macho hakuinua, akasema "labda" afu akaendelea kuhesabu. Jumapili nikakaa na simu mkononi toka saa 7 mchana hadi giza, kimya. Jumatatu nikapita ananisalimia kwa furaha kabisa kama hakuna kitu. Yaani nashindwa kuelewa, ningekuwa nakataliwa si angenikwepa? Na angekuwa ananitaka si angekuja? Nisaidieni kichwa kinauma.

Mzee_wa_Kazi
Mdogo wangu hilo jibu umeshapewa, hujataka kulipokea tu. Kwetu mtu mwenye adabu hakwambii hapana usoni, anakwambia labda, tutaona, ntakujulisha. Mimi nilimfuatilia mtu miezi 8 kwa labda hizo hizo, mwisho nikaletewa kadi ya mchango wa harusi yake. Achana naye mapema.

ChaguoLangu
Umeshamtumia hela mara ngapi? Ukiona binti anasema labda jua anasubiri utume ya kutolea. Block namba.

KijanaWaSegerea
@ChaguoLangu hajawahi kuniomba hata mia mkuu, sijazungumzia hela popote hapo juu.

mama_kamati
Mwanangu Segerea shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa. Mimi nimekaa kwenye kamati za harusi zaidi ya miaka 15, mara nyingi mweka hazina, kwaiyo kazi yangu ni kupokea "labda" za watu, kule zinaitwa "ntajitahidi" na "ngoja tuone mwisho wa mwezi". Mwanzoni nilikuwa nasoma kila ntajitahidi kama Mzee wa Kazi anavyosoma, kwamba huyu hatoi, namfuta. Nikawa nafuta watu ambao siku 3 kabla ya sherehe wanakuja na bahasha imejaa, na wengine walioahidi kwa sauti kubwa kikaoni hawaonekani hadi leo. Nikajifunza kuangalia kitu kingine: huyu mtu kwenye harusi ya nani amewahi kusema ndiyo moja kwa moja? Kama kwa kila mtu anajibu ntajitahidi, basi hilo jibu halinihusu mimi wala bwana harusi. Ndo anavyojibu, basi. Siwezi kusoma chuki humo na siwezi kusoma upendo humo.

Kwaiyo nakuuliza swali moja kwanza. Watu wengine wakimwalika anawajibuje? Swali la pili, niandikie hapa mialiko yako yote unayokumbuka, ilikuwa siku gani, saa ngapi, wapi, ulimwambia siku ngapi kabla, na alikuja au hakuja. Usiniambie ulijisikiaje, hiyo tutaongea baadaye.

BintiWaBandarini
Mimi niko Mombasa, naongezea kidogo. Kwetu mtu akikwambia "inshallah" wageni hudhani ni hapana ya adabu. Kuna wanaoitumia hivyo kweli, ila mamangu anasema inshallah hata kwa safari ambayo tiketi ashakata na mizigo iko mlangoni, kwa sababu tumefundishwa katika Suratul Kahf tusiseme nitafanya jambo kesho bila kumtaja Mungu. Neno moja, watu wawili, maana mbili. Huwezi kulifasiri bila kumjua msemaji.

KijanaWaSegerea
@mama_kamati shikamoo mama, samahani. Hilo la kwanza umenifanya nikumbuke kitu. Kuna dada anauza vocha nje ya famasi alimwalika kichen pati ya mdogo wake mbele yangu kabisa, naye akajibiwa "labda". Na nakumbuka aliniambia hakwenda.

Mialiko hii hapa, ninayokumbuka:
Mwezi wa 12, Koko Bichi na washkaji, Jumapili jioni, nilimwambia wiki nzima kabla. Labda, hakuja.
Sendofu ya dada yangu Mbagala, Jumamosi usiku, nilimwambia wiki 2 kabla. Hakuja ila asubuhi yake alituma meseji kuulizia ilikuwaje.
Chai ya saa 4 pale pale jirani na famasi, nilipita tu nikamwambia. Akasema labda, baada ya dakika 10 akatokea.
Mechi Uwanja wa Mkapa, jioni. Labda, hakuja.
Juisi ya miwa akitoka kazini, nilimwambia siku hiyo hiyo. Labda, akaja.
Bagamoyo kwa kuchangia elfu 35 kila mtu, nilimwambia siku 10 kabla. Labda, hakuja.
Chipsi Segerea jioni moja aliyotoka mapema, akaja, tulikaa kama nusu saa.
Na hii ya juzi ya mihogo.

Kumbe kaja mara 3. Mbona mimi kichwani nilikuwa nimeweka hajawahi kuja?

mama_kamati
Umeona sasa. Zile 3 ulizozisahau zote ni za siku hiyo hiyo, zote ni karibu na famasi, zote hazifiki saa moja, na hazina nauli. Zile 5 zote ni za mbali, jioni au wikiendi, na ulitaka ahadi ya siku nyingi mbele. Mwalikaji ni yule yule kwenye zote 8. Angekuwa anakukataa wewe, angekataa na chai, maana chai ndo rahisi zaidi kukataa, unasema tu kuna wateja.

Ila sikiliza na upande wa pili usije ukaruka kwa furaha. Kunywa chai na mtu dakika 20 sio dalili ya mapenzi. Mimi nakunywa chai na fundi wangu wa cherehani. Hiyo orodha inaondoa ushahidi wa kukataliwa, haileti ushahidi wa kupendwa. Inawezekana kabisa huyu binti hajawahi kukaa akajiuliza "huyu kaka namtaka au simtaki". Wewe una swali kubwa, yeye kichwani mwake kuna swali dogo tu, Jumapili nitakuwa wapi, na hata hilo halijui. Umewahi kumuuliza zamu zake zinapangwaje?

Mzee_wa_Kazi
Mama naheshimu, lakini mtu akikutaka hutafuta nafasi. Hata angekuwa na zamu angesema "Jumapili siwezi, njoo Jumanne".

mama_kamati
Hapo umesema kitu cha kweli baba. Anayetaka kuja huwa anarudisha siku nyingine, hata kwenye kamati tunaiona hiyo, anakwambia "sio tarehe 15, nipe tarehe 30". Ila ili mtu akurudishie Jumanne lazima awe anaijua Jumanne yake. Ndo maana nimeuliza zamu.

utulivu_tu
Mimi ndo huyo mtu wa labda. Nina sikoseli. Asubuhi naweza kuwa mzima kabisa nacheka na watu, nikichoka sana au nikipigwa baridi usiku mifupa inaanza kuuma silali. Ukiniuliza leo kuhusu Jumamosi nakujibu labda kwa sababu ndo ukweli wenyewe ulivyo. Nikisema ndiyo nikashindwa kuja, naulizwa maswali, naanza kuelezea ugonjwa wangu kwa mtu niliyemjua juzi. Nikisema hapana moja kwa moja, mara ya tatu watu wanaacha kunialika kabisa, na mimi napenda kualikwa. Walionielewa ni wale wanaosema "tuko mahali fulani kuanzia saa fulani, ukiweza pita", wakaishia hapo, hawakunitumia alama za kuuliza 6.

KijanaWaSegerea
Pole sana @utulivu_tu. Sasa nimeanza kuogopa, inawezekana na huyu anaumwa?

mama_kamati
Hapana mwanangu, usimpe mtu ugonjwa. Huyo kakueleza hali yake yeye. Wewe muulize wako kuhusu zamu, basi.

msomaji_wa_usiku
Kuna utafiti wa Julian Givi na Colleen Kirk, Marekani, ulitoka 2023. Waligundua wanaoalikwa wanadhani mwalikaji ataumia sana akikataliwa kuliko anavyoumia kweli. Kwaiyo mtu anakuogopea maumivu ambayo pengine usingeyapata. Mimi nilivyosoma nikaanza kuwaambia watu kabisa "ukishindwa sema hapana, hatutagombana", na wengine kweli wameanza kusema hapana. Wengine bado labda.

KijanaWaSegerea
Nimerudi wakuu. Nimemuuliza leo, sikumuuliza kwanini huji, nimemuuliza tu zamu zenu mnapangaje. Akacheka akanionyesha simu. Bosi wao anatuma watsap usiku saa 3 au saa 4 ndo wanajua kesho nani anafungua nani anafunga, na Jumapili pia. Na anaishi kwa dada yake ambaye jioni anauza chakula, kwaiyo asipokuwa zamu ya jioni anabaki na mtoto wa dada. Afu akaniambia maneno haya, "nikisema ndiyo nisije watu wananuna, nikisema hapana wanasema naringa, ndo maana nasema labda". Mimi miezi yote hii nilikuwa najua famasi inafunguliwa na kufungwa kama duka tu.

Mzee_wa_Kazi
Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini bado hajasema anakutaka.

mama_kamati
Na hajasema hakutaki. Mwalike kwa vipimo vya zile 3 zilizowezekana. Karibu, mfupi, siku hiyo hiyo au kesho yake baada ya bosi kutuma ratiba. Taja saa, afu mfungulie mlango wa kutokea, mwambie "nitakuwa pale kwa shughuli zangu, usipokuja nitajua haikuwezekana". Na ukishasema hivyo usitume meseji ya kukumbusha. Fanya mara 3 au 4. Kama hata hizo nyepesi haji, wala hajawahi kuanzisha yeye, basi punguza bila kununa. Kama anarekebisha saa au mahali, hiyo ina uzito kuliko ndiyo tupu.

KijanaWaSegerea
Leo nimefanya. Nimemwambia saa 10 na nusu niko pale kwenye juisi ya miwa. Akajibu "labda. Labda saa 11 lakini". Kaja saa 11 na dakika 10, juisi yake kalipa mwenyewe kabla sijatoa hela, tumekaa kama dakika 20 tunaongea habari za mtoto wa dada yake anavyogoma kula ugali, simu ikaita akaondoka. Akiwa anavuka barabara akageuka akaniuliza wiki ijayo niko shifti gani. Hiyo sasa sijui niisomeje.

mama_kamati
Usiisome. Mwambie uko shifti gani.