Kebo ya chini Mtwara: nifuate mwangwi au daraja?

Msimbati88: Wakuu, nina kebo ya kilovolti 11, kori tatu, alumini ya milimita za mraba 120, mita 840, imezikwa kwenda ghala la korosho hapa Mtwara. Kori nyekundu inavuja kwenda ardhini, omu 40,000. Nyingine mbili nzima. Mashine ya mwangwi inaonyesha mwisho wa kebo, na kiwimbi kidogo mita 530 kwenye kori zote tatu. Daraja la Murray limenipa mita 466 kutoka chumba cha swichi. Tumechimba pale, kebo safi. Nishike lipi?

Lindi_Spaki: Mwangwi! Huku kwetu greda lilikata kebo, mashine ikatupeleka pale pale.

BiUmeme: Yenu ilikatika, ndugu yangu. Kori iliyokatika hurudisha pigo lote, na daraja halifanyi kazi kwa sababu kitanzi hakifungi. Ya Msimbati haijakatika. Kwa pigo, kebo ni njia ya makumi ya omu tu, kwa hiyo mvujo wa omu 40,000 halitausikia kabisa. Msimbati, mwisho wa pili uliunga kori kwa kutumia nini? Ulipima na kutokea ghalani?

Msimbati88: Waya mwembamba wa nyumba, kwa klipu. Kutokea ghalani, kwa waya ule ule, nilipata 285.

BiUmeme: Jumlisha: 466 na 285 ni 751. Mita 89 zimeenda wapi? Daraja linalinganisha omu, halijui mita. Kitanzi chako kizima, mita 1,680, hakifikishi hata nusu omu. Waya na klipu zikiwa na omu 0.05 tu, umeongeza karibu mita 200 za kebo usizozihesabu. Bahati nzuri vipimo vyote viwili vimefupishwa kwa uwiano mmoja, kwa hiyo 466 ÷ 751 × 840 ni kama mita 521. Usichimbe bado. Sugua ncha zing'ae, funga kipande kifupi kinene kwa lagi na bolti, upime upya pande zote mbili.

Msimbati88: Sasa ni 519 na 320. Asante sana dada. Ila kile kiwimbi cha 530?

BiUmeme: Kikiwa kwenye kori zote, ni jointi. Mwisho wa kebo unasoma ngapi?

Msimbati88: 857. Kasi nimeweka mita 160 kwa mikrosekunde.

BiUmeme: Kasi imezidi. Ishushe mpaka mwisho usome 840, jointi itahamia karibu 519. Nashuku maji yameingia humo.

Kebo_Mnazi: Samahani, hiyo 840 mliipima au ni ya mchoro? Njia zote mbili zimeiegemea. Kebo ikiwa na mzunguko wa akiba uliozikwa, namba zitakubaliana na bado mtachimba pembeni.

Msimbati88: Ya mchoro.

Lindi_Spaki: Basi kabla ya jembe, tafuteni mashine ya kupiga mshindo, msikilize juu ya ardhi kuanzia 500 hadi 540.

BiUmeme: Hapo nakuunga mkono, ila kwa volti ndogo kwanza. Jointi ikiwa imejaa maji, inaweza isitoe mlio wowote.