Mjadala: Kodi ya shamba la mpunga ipande kwa sababu msimu uliopita ulikuwa mzuri?

Swali: "Nimekodi ekari moja ya mpunga Mbarali. Msimu uliopita nilivuna gunia 20, na sasa mwenye shamba amepandisha kodi kutoka 300,000 hadi 500,000, nilipe yote kabla ya kulima. Ni haki?"

Mwenye shamba, Mbeya mjini:
Ni haki, kwa kuwa wapo wanaosubiri kulipa kiasi hicho. Mbolea ikipanda bei, hilo ni la mkulima, sikumtuma mimi.

Mkulima wa skimu:
Ni kweli kwamba wapo wanaolipa, lakini gunia 20 ni mavuno ya mwaka ambao maji yalifika kwa wakati, na jaruba lililo mwishoni mwa mfereji halipati bahati hiyo kila mwaka. Tuchukulie gunia linauzwa 80,000, na gharama za kuburuga, mbegu, kupandikiza, mbolea, palizi na kuvuna ni 900,000. Mwaka mzuri unabakiza 700,000. Mwaka mbaya, gunia zikiwa 10, mauzo ni 800,000, yaani hasara hata kabla ya kodi. Kama katika kila misimu minne mmoja huwa mbaya, wastani ni gunia 17 na nusu, na kinachobaki ni 500,000 tu, ambayo ndani yake kuna jasho la mkulima na riba ya mkopo wake. Kodi ya 500,000 inachukua yote, na hatari yote inabaki kwake.

Mimi ningependekeza 150,000 kabla ya kulima, kisha gunia mbili baada ya mavuno, iwapo yatazidi gunia 15. Mwaka mzuri mwenye shamba anapata 310,000. Mwaka mbaya anabaki na 150,000.

Mchangiaji, Ifakara:
Mimi niliuziwa shamba kwa maneno matupu, baadaye watoto wa muuzaji wakalidai. Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Mkulima wa skimu:
Pole sana, ingawa hapa hakuna anayeuza. Maandishi yanafaa kwa jambo jingine: mkulima akisawazisha majaruba na kuimarisha matuta kwa fedha yake, kisha kodi ikapandishwa kwa sababu shamba limekuwa bora, amelipia kazi yake mara mbili. Iandikwe kwamba gharama hiyo itakatwa kwenye kodi, na kwamba nia ya kuendelea au kuachana itatajwa kabla ya kuandaa vitalu, si wakati miche iko tayari.

Mwenye shamba, Mbeya mjini:
Hilo la matuta nalikubali. Lakini nikiwa mjini, nani ataniambia kama zilivunwa gunia 14 au 19?

Mkulima wa skimu:
Pimeni kwa mizani siku ya kupura, kwa kilo, kwa maana gunia la lumbesa halilingani na la kawaida, na mtume ndugu asimamie. Asiyekuwa na ndugu wa kumtuma, sijaona njia isiyomgharimu. Pengine huyo afadhali achukue fedha taslimu, ila iwe karibu na 250,000.

Mwenye shamba, Mbeya mjini:
Kwa 250,000 nitampa mwingine.