Bango la kongamano kwenye nusu ya ubao: safu mbili, sentensi kubwa au grafu moja?

binti_maharage
Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa tatu, nasoma lishe, na muhtasari wangu umekubaliwa kwenye kongamano la wanafunzi. Sijawahi kusimama mbele ya bango. Tumeambiwa kila mtu atapata nusu ya ubao: upana sm 60, kimo sm 90, bango lisimame wima. Kazi yangu ni muda wa kuiva wa aina nne za maharage ya sokoni, yaliyolowekwa usiku kucha na yasiyolowekwa. Nina majedwali matatu, picha za maabara na maelezo ya kurasa nne.

Njia nilizoziona ni tatu. Ya kwanza, safu mbili za kawaida, utangulizi hadi hitimisho. Ya pili, ule mtindo wa Mike Morrison wa 2019, ambapo jibu la utafiti linaandikwa kwa herufi kubwa katikati na mengine yanabanwa pembeni. Ya tatu, grafu moja kubwa na maneno machache tu. Msimamizi wangu anasema niweke kila kitu. Ipi itakaa kwenye nafasi hii?

kaka_printi
Usijisumbue dada. Tengeneza A0 kama wengine, ukifika dukani wanakupunguzia iwe A1. Karatasi za A zinaoana kwa uwiano, hakuna kitakachovurugika. Ila picha zote ziwe nukta 300 kwa inchi, chini ya hapo zitatoka na ukungu.

mwl_kipimo
Kaka, uwiano ni kweli, na hapo ndipo watu wengi hunaswa. A1 ni nusu ya eneo la A0, lakini kila urefu hubaki takriban asilimia 71. Herufi uliyoiandika kwa ukubwa wa 24 itatoka kama 17. Kwenye skrini huoni tofauti yoyote, utaiona siku ukishasimama mita moja na nusu kutoka ubaoni. Afadhali aanze na ukubwa halisi. Kwenye PowerPoint ni Design, Slide Size, Custom Slide Size, upana 59.4 cm, kimo 84.1 cm, kabla ya kuweka neno lolote.

Nukta 300 si lazima kwa kitu kinachotazamwa kwa umbali huo, 150 zinatosha. Picha ya upana wa sm 15 inahitaji kama pikseli 900, na simu yoyote ya siku hizi inazo. Kinachoharibu ni picha iliyopita WhatsApp ikakamuliwa njiani. Mwambie aliyekupiga picha akutumie ile ya asili, kama faili.

fundi_mabango
Mdogo wangu achana na karatasi, chukua fleksi. Mvua haiigusi, tia vijicho vya chuma kila pembe ufunge kamba, miaka miwili liko pale pale.

binti_maharage
Asante kaka, ila litakuwa ndani ya ukumbi, na ni kwa siku moja tu.

dada_wa_tathmini
Mimi mwaka jana nilichukua njia ya pili na iliniumiza. Watu walisimama kweli, sentensi yangu ilisomeka tangu mlangoni. Lakini jaji alikuja na karatasi ya alama yenye kisanduku cha mbinu, akatafuta neno "Mbinu" bangoni asilione, maana nilikuwa nimelificha kwenye maandishi madogo ya pembeni. Msimbo wa QR niliouweka kwa ajili ya maelezo kamili nadhani haukufunguliwa na mtu, mtandao wa ukumbini ulikuwa hoi. Omba karatasi ya alama mapema, mdogo wangu. Kama hawatoi, andika vichwa vyote vinavyotarajiwa hata kama chini yake kuna mistari mitatu.

mwl_kipimo
Pole sana, ila tusiutupe mtindo wote. Morrison aliuchora kwa bango la ulalo, lenye katikati pana. Kwenye bango wima la sm 59 ukiweka mbavu mbili, kila ubavu unakuwa ukanda mwembamba wenye maneno manne kwa mstari. Hapa ningeigeuza: sentensi ya jibu iende juu, mahali pa kichwa, kisha chini yake safu mbili.

Tufanye hesabu na maharage yake. Ukiacha pambizo za sm 2.5 kila upande na sm 2 katikati, kila safu inabaki na sm 26. Kwa herufi za 24 unapata kama herufi 60 kwa mstari, jicho halichoki. Safu tatu zingekupa herufi 40 tu, na maneno marefu ya kitaalamu yangeukatakata kila mstari.

Sasa ondoa vitu. Binti, muda wa kuiva uliupimaje?

binti_maharage
Kwa kifaa cha Mattson, mwalimu. Kile chenye sindano 25, kila moja imekaa juu ya punje moja. Tuliandika dakika ambayo sindano ya 20 ilidondoka.

mwl_kipimo
Umeona? Umeshasema mbinu nzima kwa sentensi tatu. Weka picha moja ya kifaa kwa karibu, sindano zikionekana, na sentensi hizo chini yake. Aya mbili za mbinu zimeondoka, na kisanduku cha jaji kimejaa.

Majedwali matatu yawe grafu moja: aina nne, nguzo mbili kila aina, jumla nane. Andika "yamelowekwa" na "hayajalowekwa" juu ya nguzo zenyewe ili mtu asirudi pembeni kutafuta maana ya rangi. Matokeo yalikuwaje?

binti_maharage
Aina tatu ziliiva mapema zaidi zilipolowekwa. Ya nne haikubadilika karibu kabisa. Muuzaji alisema ilikaa stoo tangu msimu uliopita.

mwl_kipimo
Hiyo ya nne ndiyo itakayoleta watu! Maharage yakikaa muda mrefu penye joto na unyevu hugoma kuiva. Kichwa kisiwe "Athari za Kuloweka katika Muda wa Kuiva wa Aina Nne za Maharage". Andika: "Kuloweka kuliharakisha aina tatu za maharage, ya nne, iliyokaa stoo, haikubadilika". Utaifasiri kwa lugha ya kongamano. Usiandike kwamba stoo ndiyo sababu, hukuipima.

kaka_printi
Nakubali la herufi. Lakini msimamizi kasema kila kitu, atamkatalia?

dada_wa_tathmini
Mpelekee nakala mbili za A4, moja yenye kila kitu na nyingine iliyopunguzwa, sio maelezo. A1 ikiprintiwa kwenye A4 hupungua karibu mara tatu, kwa hiyo herufi ya 24 inakuwa kama 8.5. Aishike kwa mkono ulionyooka. Asichoweza kusoma hapo, mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ubaoni naye hatakisoma. Majedwali yachapishe kwenye A4 za kugawa, ishirini hivi.

mwl_kipimo
Na uulize: hizo sm 60 ni za nje au za ndani ya fremu? A1 ina sm 59.4. Fremu ikila sm 2 kila upande, bango halikai.

binti_maharage
Nimewaandikia, hawajajibu. Nimebandika magazeti ukutani ya sm 60 kwa 90, nikakunja sm 2 kila upande: zimebaki 56. Naanza na sm 55 kwa 84, grafu kwanza. Msimamizi namwona kesho na A4 zote mbili.